Kwaya Jioni Nne kwa Wiki: Vidokezo vya Kuifikisha Sauti Jumapili

Ratiba yetu inajulikana. Jumanne mazoezi, Alhamisi mazoezi, Ijumaa kuna mkesha au ibada ya mtaani, Jumamosi mazoezi ya mwisho na pengine harusi ya mwanakwaya, kisha Jumapili ibada mbili. Pasaka ikikaribia, jioni zinaongezeka. Ndipo Jumapili inafika, sauti ya kwanza inapandia noti ya juu, na nusu ya safu wanatoa pumzi tu.

Watu husema sauti imechoka kwa sababu ya baridi au vumbi. Mara nyingi sababu ni nyingine: jioni ya Alhamisi ilianza kabla koo halijamaliza kupona baada ya jioni ya Jumanne. Vidokezo hivi ni vya mtu anayeimba namna hiyo, na shabaha yake ni moja: kulinda muda wa kupona kati ya jioni moja na nyingine.

1. Jua ni kitu gani kinachochoka

Ndani ya kikoromeo kuna mikunjo miwili midogo ya nyama laini, ndiyo tunayoiita nyuzi za sauti. Kwa mwanamke mzima ina urefu wa kama sentimita moja na nusu, kwa mwanamume inazidi kidogo. Pumzi ikipita kati yake inafunguka na kugongana, na idadi ya migongano ndiyo inayofanya noti iwe ya juu au ya chini. La iliyo juu ya do ya katikati ya kinanda ni migongano 440 kwa sekunde moja. Mwimbaji wa sauti ya kwanza akiishikilia noti hiyo kwa sekunde nne tu, nyuzi zake zimekwisha gongana mara 1,760.

Migongano hiyo ikiwa laini, hakuna tatizo. Ikiwa mikali na mirefu, ngozi nyembamba ya juu inavimba. Nyuzi zilizovimba hazifungi vizuri, pumzi inavuja katikati, sauti inakuwa hafifu. Mwimbaji naye anafanya nini? Anasukuma zaidi ili asikike, na uvimbe unazidi. Mzunguko huo ndio unaomaliza watu, na hauanzi Jumapili. Unaanza Jumanne.

2. Jipime kwa sauti ndogo, wala si kwa sauti kubwa

Uvimbe mdogo hausikiki ukiongea, na ukiimba kwa nguvu unaweza kuuficha kabisa. Unajitokeza pale tu unapoimba juu na kwa upole sana. Mwaka 1990 daktari wa koo wa Marekani, Robert Bastian, na wenzake walichapisha kipimo rahisi kinachotegemea jambo hilo, na mwanakwaya yeyote anaweza kukifanya nyumbani.

Subiri kama nusu saa baada ya kuamka, maana sauti ya asubuhi sana ni nzito kwa kila mtu. Kisha chukua mstari mfupi unaoujua, kwa mfano mwanzo wa wimbo wa siku ya kuzaliwa, uimbe kwa sauti ndogo kama unayeogopa kumwamsha mtoto chumba cha pili. Upandishe nusu noti, urudie. Panda hivyo hivyo polepole. Utafika mahali ambapo noti inachelewa kuanza: inatoka pumzi kwanza, halafu ndiyo sauti. Hapo ndipo dari lako la siku hiyo. Usiongeze nguvu ili noti itoke, maana ukiongeza umeharibu kipimo.

Fanya hivyo siku ambayo koo ni zima na umepumzika, uandike dari lako kwenye daftari. Baada ya hapo jipime kila asubuhi. Haichukui hata dakika mbili. Dari likishuka nusu noti moja siku moja, usihangaike. Likishuka noti mbili nzima na kubaki hapo siku ya pili, nyuzi zimevimba, na jioni hiyo si ya kuimba kwa sauti kamili hata kama unajisikia mzima.

3. Pasha sauti kwa dakika kumi, ukianza na mdomo uliofungwa nusu

Kwaya nyingi zinapasha sauti kwa kuimba wimbo wa kwanza. Nyingine zinaanza na "a" kubwa inayopanda hadi juu, watu wakishindana nani atafika mbali. Namna zote mbili zinazipa nyuzi baridi kazi nzito kabla hazijajiandaa.

Anza na mwili kwa dakika moja: zungusha mabega, legeza taya kwa viganja kutoka chini ya masikio kwenda kidevuni, geuza shingo kulia na kushoto bila haraka. Halafu pumzi: vuta ukiruhusu tumbo na mbavu za chini zitanuke, mabega yasipande, kisha itoe kwa "sss" iliyo sawa kwa sekunde kumi hadi kumi na tano. Mara tatu zinatosha.

Sasa njoo kwenye sauti yenyewe, na hapa ndipo pa kukaa. Tetemesha midomo kama mtoto anayeendesha gari la kuchezea, "brrr", huku ukishuka so fa mi re do. Anzia katikati ya sauti yako, mahali pa kuongelea. Shuka, panda nusu noti, shuka tena. Midomo ikigoma kutetemeka, bonyeza mashavu kidogo kwa vidole viwili, au tumia mrija.

Mrija una thamani kubwa kuliko unavyofikiriwa. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ibakize na maji nusu, uzamishe mrija wa soda sentimita mbili au tatu chini ya uso wa maji. Bana midomo kwenye mrija pumzi isivuje, kisha toa "uuu" kupitia mrija. Maji yatatoa mapovu. Mapovu yakiwa sawasawa, pumzi yako iko sawa. Yakiruka kwa vishindo, unasukuma. Teleza kutoka chini kwenda juu na kurudi, kama king'ora kilicho mbali, kwa dakika mbili au tatu. Pua isitoe hewa: izibe kwa vidole kwa sekunde moja, na sauti ikikatika, basi hewa ilikuwa inapitia puani.

Kinachofanya kazi hapo ni msukumo unaorudi nyuma. Mdomo ukiwa umezibwa nusu, hewa inarudisha shinikizo hadi juu ya nyuzi za sauti na kuzisaidia kutetemeka bila kugongana kwa ukali. Mwanasayansi wa sauti Ingo Titze amekuwa akilieleza jambo hili kwa miaka mingi, na waalimu wa sauti wa Finland walikuwa wakitumia mirija ya kioo iliyozamishwa majini tangu miaka ya 1960. Kwa mwanakwaya, maana yake ni kwamba unaweza kufika noti zako za juu, ukazinyoosha nyuzi kwa urefu wake wote, bila kuzichosha kabla kazi haijaanza. Kila mtu awe na mrija na chupa yake. Mafua ya mmoja hayahitaji njia ya mkato kuwafikia wengine.

Maliza na dakika tatu za "mmm" inayofunguka kuwa "mmma", kisha mstari mmoja wa wimbo wa jioni hiyo kwa "u" badala ya maneno. Ndipo upande juu kwa vokali wazi, na uishie noti moja au mbili juu ya noti ya juu kabisa ya wimbo mtakaoimba. Hakuna haja ya kuzidi hapo.

Ukichelewa kwa sababu ya foleni, usirukie wimbo katikati. Kaa pembeni dakika nne na mrija wako. Kwenye daladala pia unaweza kuanza na "mmm" ya chini chini. Kwa kelele zile hakuna atakayekusikia.

4. Hesabu wiki nzima, na kazi ya mchana ikiwemo

Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya msingi anayeimba sauti ya kwanza. Ana darasa la watoto sabini na zaidi, na kutoka saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana anaongea juu ya kelele zao. Kwa nyuzi zake, hiyo ni kazi ya sauti sawa na mazoezi. Akifika kanisani saa kumi na moja jioni hajaanza siku ya sauti, anaimalizia. Kwaya inapojiandaa kuimba Haleluya ya Handel siku ya Pasaka, ambamo sauti ya kwanza inapandishwa ngazi kwa ngazi kwa noti ndefu, mtu huyu anahitaji mpango.

Jumanne aimbe kwa sauti kamili. Alipumzika Jumatatu jioni. Jumatano ndiyo siku yake ya kupona, hivyo darasani awape watoto kazi ya kuandika katika vipindi viwili, na awaite kwa kupiga makofi badala ya kupaza sauti. Alhamisi asubuhi ajipime. Dari likiwa mahali pake, aimbe kama kawaida. Likiwa limeshuka, afike mazoezini lakini sehemu za juu aziimbe oktava moja chini, kwa wepesi, au afuate kwa midomo tu. Ijumaa kwenye mkesha ndipo pabaya zaidi: ni usiku, watu wamechoka, sifa zinakwenda kwa saa nyingi na spika ziko juu. Hapo achague. Aimbe nyimbo za kwaya, na zile za mkutano wote aziimbe kwa sauti ya chini au azipigie makofi. Jumamosi mazoezi ya mwisho yawe ya kuunganisha, ya kuingia na kutoka kwa pamoja, bila kuimba Haleluya yote kwa nguvu mara tano mfululizo. Mara moja kamili inatosha. Jumapili, kati ya ibada ya kwanza na ya pili, dakika ishirini za kimya nje ya kanisa zitamsaidia kuliko chai na soga za sebuleni kwa mchungaji.

Kanuni iliyo nyuma ya mpango huo ni nyepesi: jioni mbili nzito zisifuatane. Zikilazimika kufuatana, mchana uliopo kati yake uwe wa kimya kiasi unavyoweza.

5. Mwalimu wa kwaya, usiwaimbishe wote muda wote

Hiki ni cha waalimu, na nakisema kwa msisitizo. Mazoezi ya saa mbili hayana sababu ya kuwa na saa mbili za kuimba. Unapofundisha sauti ya tatu mstari wao, sauti ya kwanza wakae chini na kufuata kwenye karatasi, wasiimbe nao. Nota mpya zisomwe kwanza kwa kuhesabu na kupiga makofi, kisha kwa "nuu" ya sauti ndogo, na maneno yaje mwisho. Sehemu ya juu ikikosewa, irudie oktava moja chini hadi waikamate, ndipo uirudishe mahali pake. Kikundi kinachorudia noti ileile ya juu mara kumi na mbili kwa nguvu, kufikia mara ya nane kinajifunza jinsi ya kubana koo.

Na usipandishe ufunguo katikati ya wimbo kwa sababu umenoga. Nusu noti mbili kwenye kinanda ni kitufe tu. Kwenye koo la mama wa miaka hamsini ni kazi nyingine kabisa.

6. Hakikisha unajisikia

Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza kwamba mtu akiwekwa kwenye kelele anapaza sauti bila kukusudia, na kelele ikiondolewa anaishusha bila kujijua. Katika kwaya jambo hili linatokea kila jioni. Kinanda kimefunguliwa sana, ngoma ziko nyuma, jirani anaimba kwa nguvu, na wewe usiyejisikia unaongeza na kuongeza. Ukishuka jukwaani koo linawaka na hujui ilikuwaje.

Simameni kwa nafasi inayotosha kupitisha kiwiko kati ya mtu na mtu. Weka kiganja nyuma ya sikio moja, ukikunje kidogo kuelekea mdomoni. Utashangaa sauti yako inavyokurudia wazi. Kama kuna spika ya kuwasikilizisha waimbaji, igeuziwe ninyi, na kinanda kipunguzwe hadi sauti za watu ziwe juu yake. Mpiga kinanda anaweza kulalamika kidogo. Atazoea.

7. Maji kutwa nzima, tangawizi kwa kiasi, mayai mabichi hapana

Unachokunywa hakigusi nyuzi za sauti. Wakati wa kumeza, njia ya hewa inafungwa na kinywaji kinapita njia ya chakula. Kikikosea njia, unapaliwa. Kwa hiyo maji ya dakika tano kabla ya ibada yatalowesha kinywa tu. Yanayofika kwenye nyuzi ni yale uliyokunywa saa kadhaa nyuma, yakazunguka na damu. Kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, na ukiona mkojo ni wa rangi ya njano iliyokolea, umechelewa.

Kinachofika moja kwa moja ni mvuke. Mimina maji ya moto kwenye bakuli, yaache dakika chache yasikuunguze, jifunike taulo na uvute pole pole kwa dakika tano hadi kumi. Usitie mafuta ya mikaratusi wala dawa ya kupaka. Mvuke wenyewe ndio dawa. Watoto wawe mbali na bakuli.

Tangawizi na asali vinatuliza koo na kuongeza mate, na hakuna ubaya kuvinywa. Ila tangawizi kali yenye limau na pilipili manga, ikinywewa usiku kabla ya kulala, huweza kuleta kiungulia, na asidi ya tumboni ikipanda hadi kooni inachoma ngozi ileile unayoitunza. Ndivyo ilivyo pia kwa chipsi na pilipili za saa nne usiku baada ya mazoezi. Kula kabla ya kwenda mazoezini, na ukirudi ule kitu chepesi. Mwenye sauti nzito kila asubuhi na ladha ya uchachu mdomoni ajaribu kuacha saa tatu kati ya mlo na kitanda kwa wiki chache, aone tofauti.

Kumeza mayai mabichi kabla ya kuimba, waliofundishwa na wazee wa kwaya waache. Hayagusi nyuzi, na yanaweza kubeba bakteria wa kuharisha. Pipi za menthol nazo zinatia ganzi, hivyo unaimba juu ya maumivu usiyoyasikia.

8. Usijikohoze, usinong'one

Kujikohoza kabla ya wimbo ni kuzigonganisha nyuzi kwa nguvu ili kuondoa ute, na koo lililosumbuliwa linatengeneza ute mwingine. Meza mate, kunywa funda la maji, au piga "mmm" fupi nyepesi. Sauti ikipotea, nyamaza kabisa au ongea kwa sauti ya chini iliyo laini. Kunong'ona kwa nguvu kunawabana wengi koo zaidi kuliko kuongea.

Baada ya mazoezi, rudi kwenye mrija wako kwa dakika tatu, safari hii ukiteleza kutoka juu kwenda chini tu, hadi ufike sauti yako ya kuongelea. Waimbaji wengi wanaona sauti ya kesho yake inaamka mapema zaidi.

9. Jua siku ya kunyamaza na siku ya kwenda hospitali

Ukiwa na mafua na sauti ikabadilika, usiimbe, hata kwa kujificha nyuma ya jirani. Aspirini na ibuprofeni zisitumike ili uweze kupanda jukwaani: zinapunguza uwezo wa damu kuganda, na mishipa midogo ya nyuzi zilizovimba inaweza kupasuka. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamo ni salama zaidi kwa mwimbaji. Kama aspirini uliandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiache; ongea na daktari wako.

Sauti ikikatika ghafla katikati ya wimbo, kwa sekunde moja tu, hasa kwenye noti ya nguvu, usijaribu tena uone kama imerudi. Inawezekana mshipa umevuja damu. Nyamaza tangu dakika hiyo na uonane na daktari siku hiyo au kesho yake.

Na sauti ikikwaruza kwa wiki tatu bila kupona, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Usiishie kwenye duka la dawa ukipewa antibayotiki mara ya pili na ya tatu. Omba nyuzi zenyewe zitazamwe kwa kamera ndogo, maana mkwaruzo wa vinundu, wa asidi na wa ugonjwa mkubwa zaidi unasikika sawa kwa mtu wa nje. Mweleze daktari unaimba jioni ngapi kwa wiki, sauti ipi, na mchana unafanya kazi gani, na umpelekee lile daftari la dari lako. Akikuambia ni vinundu, usidhani umemaliza kuimba: vingi vinapungua kwa mapumziko na mazoezi ya sauti yanayosimamiwa na mtaalamu, bila upasuaji, na mrija ndani ya chupa ya maji huenda ukawa miongoni mwa mazoezi atakayokupa.